Barua ya wazi: Mama aliyezaa mtoto mfu asirudi kliniki mikono mitupu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na Waganga Wakuu wa Jiji na Manispaa zote za mkoa huu

Viongozi wangu, salamu.

Mimi ni muuguzi mkunga. Miaka yangu mingi kazini imepita kwenye kliniki za wajawazito upande wa Temeke, na ninachoomba hapa kinahusu wanawake wanaorudi kwetu na mimba baada ya kuzaa mtoto mfu. Wanarudi na hofu ambayo haionekani kwenye kipimo chochote, na sisi tunawapokea kana kwamba hatuna la kufanya zaidi ya kuweka tiki. Kadi ya kliniki ina sehemu inayouliza kama mama amewahi kuzaa mtoto mfu. Tunatiki, tunamwambia safari hii akajifungulie hospitali, tunampa tarehe kama ya wenzake. Hakuna anayemuuliza mtoto yule alikufa kwa sababu gani, na hata tukimuuliza hajui, kwa kuwa alipotoka wodini hakupewa karatasi yoyote yenye jibu.

Nitawaeleza habari za mama mmoja wa Mbagala, aliyeniruhusu nieleze bila kumtaja jina, kwa sababu kisa chake kinaonyesha vizuri kuliko hoja zangu jinsi karatasi hiyo inavyobadilisha mimba inayofuata.

Mimba yake ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka miezi ya mwisho. Tarehe ya mwanzo wa hedhi ya mwisho aliikumbuka kabisa, alikuwa ameiandika kwenye simu. Alianza kliniki mwezi wa nne, akaambiwa apige ultrasaundi, lakini hela ilipatikana mimba ikiwa na wiki 31. Ultrasaundi ikasoma wiki 28. Aliyempokea akakata tarehe ya zamani kwenye kadi, akaandika mpya. Kuanzia hapo mtoto akahesabiwa mdogo kwa wiki tatu, na kila kimo cha tumbo kilichopimwa kikaonekana sawa na umri. Presha ambayo mwanzoni ilikuwa 110 kwa 70 ilipanda hadi 142 kwa 92 katika hudhurio la mwisho. Iliandikwa tu. Ijumaa moja akahisi mtoto kapunguza kucheza. Mama mkwe akamwambia mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, anywe kitu cha baridi alale. Jumatatu alipokwenda, moyo haukusikika.

Alianzishiwa uchungu, akazaa mtoto wa kiume mwenye kilo 1.7. Kondo la nyuma likapelekwa kwenye shimo la kondo kabla mtu hajaligeuza kuliangalia. Mumewe na wazee wakaenda kuzika, yeye akabaki kitandani katikati ya wanawake wanaonyonyesha. Karatasi aliyotoka nayo ilikuwa na tarehe, uzito, na herufi tatu: MSB, ambazo kwetu zina maana kwamba mtoto alifia tumboni kabla ya uchungu na ngozi imeanza kubanduka. Yeye alidhani ni jina la dawa.

Sasa tazameni uzito ule. Kama tarehe ya ultrasaundi ndiyo sahihi, mtoto alikuwa wa wiki 32, na kilo 1.7 ni uzito wa kawaida wa umri huo. Hapo kifo kinabaki hakina maelezo. Kama tarehe ya hedhi ndiyo sahihi, alikuwa wa wiki 35, wakati ambapo watoto wengi wana karibu kilo mbili na nusu. Hapo tunamwona mtoto aliyekuwa anakosa chakula kutoka kwenye kondo kwa wiki nyingi, kwa mama ambaye presha yake ilikuwa inapanda. Hizi ni habari mbili tofauti, na kila moja inaleta mpango wake katika mimba ijayo.

Ukweli ulipatikana kwa swali dogo. Nilimuuliza alijuaje mara ya kwanza kuwa ni mjamzito. Akasema alinunua kipimo cha mkojo duka la dawa wiki tano baada ya hedhi ile, kikatoa mistari miwili. Tukihesabu kwa tarehe ya ultrasaundi, siku hiyo mimba ingekuwa ndiyo kwanza inatungwa, na kipimo kisingeweza kuonyesha kitu. Kwa hiyo tarehe yake ya hedhi ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ultrasaundi ya miezi ya mwisho inakisia umri kwa kupima ukubwa wa mtoto, na inaweza kukosea kwa wiki tatu hivi. Mtoto aliyedumaa huitwa mtoto mchanga wa umri, tarehe inasogezwa mbele, na udumavu wenyewe unafichwa na kipimo kilichotakiwa kuufichua. Nimeliona hili zaidi ya mara moja na linaniuma kila mara.

Ninachowaomba kwanza, basi, ni karatasi. Mama yeyote anayezaa mtoto mfu asitoke wodini bila maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kusainiwa na daktari au mkunga: umri wa mimba na namna ulivyohesabiwa, uzito wa mtoto, kama alifia tumboni au wakati wa uchungu, presha za mama za mwisho na protini kwenye mkojo, majibu ya kaswende, malaria, sukari na wingi wa damu, na hali ya kondo la nyuma. Kondo halihitaji maabara ili liseme kitu. Linapimwa kwenye mzani uleule wa mtoto, linageuzwa kuona kama kuna bonge la damu lililoganda nyuma yake au sehemu zilizokauka na kuwa ngumu, na kitovu kinakaguliwa kama kina fundo. Ni dakika chache. Vifo vya watoto wachanga na vya akina mama tayari vinajadiliwa kwenye vikao vya mapitio hospitalini. Kinachokosekana ni mtu wa kumrudishia mama yale yaliyozungumzwa. Apewe tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, aje na mumewe kama yupo, wakae na daktari, waambiwe kilichojulikana na kisichojulikana.

Kwanza ana haki ya kujua. Pili, mpango unategemea sababu. Kama ni kaswende, mama na mwenzi wake wanatibiwa kwa sindano ya penisilini na kupimwa tena, na mimba ijayo inaanza na hatari hiyo ikiwa imeondoka. Kama ni sukari, inapimwa mapema na kudhibitiwa kabla hata hajashika mimba. Kama mtoto alifia wakati wa uchungu, mara nyingi shida haikuwa kwenye mimba, ilikuwa kwenye uangalizi wa leba, na mama anahitaji kupangiwa mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku na mchana. Na kama ni kondo na presha, kama kwa mama wa Mbagala, kuna dawa yenye muda wake. Aspirini ya dozi ndogo, milligramu 75 hadi 150 kila usiku, inasaidia zaidi ikianzwa karibu na wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 16. Mama akija kliniki mwezi wa sita bila karatasi, wakati wa dawa hiyo kufanya kazi yake vizuri umeshapita. Hii si dawa ya kujinunulia. Ni daktari anayeamua nani aitumie na aiache lini.

Mama wetu alirudi akiwa na mimba ya wiki tisa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sista, utanisikilizisha moyo leo?" Ilinibidi nimweleze kuwa kwa wiki hizo fetoskopu haisikii kitu, na hata kifaa cha dopla cha mkononi huanza kuupata moyo karibu na wiki ya 12. Kama nisingemweleza mapema, ukimya ule ungemrudisha Jumatatu ile.

Viongozi wangu, hofu hii ina sura zake na tunazijua. Mama hanunui nguo hata moja ya mtoto. Hawaambii wakwe. Mimba haiti mimba, anasema "hali hii". Wengine wanachelewa kliniki makusudi kwa kuwa hawataki kuandikishwa kitu wanachoamini watakipoteza, na sisi tunawagombeza kwa kuchelewa. Wengine wanakuja kila baada ya siku mbili na tunawaona wasumbufu. Wapo wanaozunguka vituo vya ultrasaundi vya mitaani kila wiki, wakitoka na karatasi zenye tarehe tofauti za kujifungua, na kila tofauti inawaongezea kukosa usingizi. Na wote, bila kujali tabia zao, wanaogopa zaidi kadiri wanavyoikaribia wiki waliyopoteza. Kama mtoto wa kwanza aliondoka wiki ya 35, basi wiki za 33 hadi 36 hawalali.

Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ina mahudhurio manane, na katikati ya mimba mahudhurio hayo yanaachana kwa wiki nne hadi nane. Kwa mjamzito ambaye hajawahi kupata shida ratiba hiyo inatosha. Kwa huyu, nafasi ndefu zinaangukia palepale anapoogopa, na ndipo pia kondo linapoanza kushindwa kama litashindwa. Tulipanga naye hivi: ultrasaundi ya wiki ya 10 ya kuthibitisha tarehe, ambayo ikiandikwa haifutwi na yoyote inayofuata, aspirini kuanzia wiki ya 12 kwa maelekezo ya daktari, pamoja na vidonge vya kalsiamu, ultrasaundi ya kuangalia maumbile wiki ya 20, halafu ultrasaundi za kupima ukuaji wiki ya 28, 32 na 36. Hatukuziweka karibu zaidi, kwa sababu vipimo viwili vya ukuaji vilivyopishana chini ya wiki mbili havionyeshi kama mtoto amekua au mpimaji amekosea. Kuanzia wiki ya 28 alikuja kila baada ya wiki mbili, na kuanzia wiki ya 33 kila wiki, siku ya Ijumaa, siku aliyoichagua mwenyewe.

Niseme kidogo kuhusu kimo cha tumbo, maana ndicho kipimo tunachokuwa nacho hata pale umeme ukikatika. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita kutoka juu ya mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi zinakaribiana na wiki za mimba, pungufu au zaidi kwa mbili tatu. Tatizo ni kwamba kadi inataka kimo na umri wa mimba kwenye safu zinazoongozana, na mtu mwenye foleni ya akina mama benchini anahesabu wiki kwanza, kisha mkono wake unampa jibu linalofanana. Kwenye kadi ya kwanza ya mama huyu, kimo na umri vililingana kila hudhurio, jambo ambalo hata kwa mtoto mwenye afya halitokei kirahisi. Dawa yake ni utepe wa mshonaji, ugeuzwe upande wa inchi ukitazama juu, upimwe, ndipo ugeuzwe usome sentimita. Na apime mkunga yuleyule. Nilimpima mimi kila mara, nikiwa likizo alipimwa na mwenzangu mmoja aliyejua habari zake, na hakulazimika kumweleza mtu mpya kwamba mtoto wa kwanza hayupo.

Kupima moyo wa mtoto kwa mama kama huyu nako kuna utaratibu. Sisi tumezoea kuinamia fetoskopu kimya, kuhesabu dakika nzima, kuandika, ndipo tuseme. Dakika ile kwake ni mateso, kwa sababu mara ya mwisho ukimya kama huo uliishia kwa kuitwa daktari. Tukitumia dopla, sauti iwe wazi asikie mwenyewe. Tukitumia fetoskopu, mara tu moyo ukipatikana aambiwe, "Upo, unapiga," ndipo tuhesabu. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Hata mpiga ultrasaundi aonyeshe kwanza moyo, kisha apime kichwa na tumbo kwa muda autakao. Hili halihitaji bajeti, linahitaji waraka wenu na mafunzo ya asubuhi moja.

Kubwa zaidi ni mlango. Tunawafundisha wajawazito kwamba mtoto akipunguza kucheza waje siku hiyohiyo, wasisubiri kesho, wasidanganywe na soda baridi. Hakuna idadi moja ya mateke inayofaa watoto wote. Kipimo ni mazoea ya mtoto huyo, na mama anayajua. Lakini akija saa kumi jioni anaambiwa kliniki ni asubuhi. Akija Jumapili anaambiwa arudi Jumatatu. Mama wetu alipofika wiki ya 34 alihisi ukimya saa tano usiku. Kwenye kadi yake daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu apokelewe leba saa yoyote bila kuulizwa rufaa, na namba ya dereva wa bajaji ilikuwa imebandikwa ndani ya jalada, kwa sababu tulishazungumza naye na mumewe watapita wapi Barabara ya Kilwa ikiwa na foleni. Alipokelewa. Hawakuishia kusikiliza moyo na kumruhusu, kwa maana moyo kupiga kunathibitisha tu kwamba mtoto yu hai dakika hiyo. Walimfunga mashine inayochora mapigo ya mtoto kwa zaidi ya dakika 20, wakapima presha na mkojo, wakaangalia maji yaliyomzunguka mtoto. Yote yalikuwa sawa, akarudi nyumbani. Alikuja tena mara nyingine, na ilikuwa haki yake. Kituo cha afya kisicho na mashine hiyo kimpime mama kwa walichonacho na kumpa rufaa saa ileile, si kumtuma nyumbani kwa sababu fetoskopu imesikia.

Alipotimiza wiki 35 aliomba mtoto atolewe. Alisema, "Mtoeni akiwa hai." Ombi hili linakuja kwa karibu kila mama wa namna yake na halijibiwi kwa kukemewa. Tulikaa naye na daktari. Mtoto alikuwa anakua kwenye mstari wake, presha ilikuwa imetulia, na mtoto njiti angeweza kupata shida ya kupumua na ya kunyonya katika wodi ambayo tayari imejaa. Mambo yote yakiwa mazuri, kawaida husubiriwa karibu na wiki ya 39; kukiwa na presha au mtoto kudumaa, mapema zaidi. Tulikubaliana jambo ambalo lingetufanya tusisubiri: presha ya 140 kwa 90 kwenda juu pamoja na protini. Lilitokea mwishoni mwa wiki ya 36. Alilazwa, akaanzishiwa uchungu alipotimiza wiki 37, akazaa mtoto wa kike mzima wa kilo 2.5. Aspirini haikuzuia presha, na sitaki mtu asome barua hii akidhani ni kinga kamili. Kilichobadilika ni kwamba safari hii presha ilipopanda kulikuwa na mtu aliyekuwa anaisubiri.

Sitawaficha mipaka. Kondo linaweza kubanduka ghafla kwa mama aliyepimwa jana, na hakuna ratiba inayozuia hilo. Uchambuzi wa tafiti za nchi zenye kipato kikubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mwanamke aliyezaa mtoto mfu ana hatari ya karibu mara tano ya kurudiwa kuliko ambaye hajapata. Katika uchambuzi huohuo, zaidi ya wanawake 95 kati ya 100 waliokuwa na historia hiyo walizaa mtoto hai mara iliyofuata. Namba hizo mbili mama anastahili kuambiwa pamoja. Sisi wengi tunamwambia ya kwanza tukiwa tunamtisha ahudhurie, au ya pili tukitaka aache kulia.

Kuhusu kulia: kila hudhurio nilimuuliza kama katika wiki mbili zilizopita amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, na kama amekuwa na huzuni siku nyingi. Maswali mawili. Akijibu ndiyo kwa moja, anahitaji mtu wa kuzungumza naye faragha, na katika vituo vingi vya mkoa huu mtu huyo hayupo kwenye ikama. Hofu haikuisha alipozaa. Mwezi wa kwanza aliamka kila saa kuweka mkono kifuani kwa mtoto, na mumewe, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote tangu mazishi yale, alikuwa ameacha kulala nyumbani kwa woga wa kuamshwa na habari mbaya. Wote wawili walihitaji kupangiwa kurudi, na safari hii tuliwapangia.

Ultrasaundi ya mapema kwa mama huyu ilitoka mfukoni mwake. Naomba manispaa ziiweke bila malipo angalau kwa wenye historia ya mtoto mfu. Si kundi kubwa, na mashine zipo kwenye hospitali zetu. Naomba waganga wafawidhi waagizwe kuteua mkunga mmoja kila kituo atakayewashika wanawake hawa tangu hudhurio la kwanza, na siku moja ya juma wasichanganywe na benchi la wote. Na naomba ile karatasi ya kutokea wodini ianze kabla ya hayo mengine, kwa kuwa haihitaji mashine wala ajira mpya. Wanawake waliozaa watoto wafu mwezi huu, wengi wao watakuwa na mimba nyingine ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wakiruhusiwa bila maandishi leo, hatutaweza kuyatunga wakati huo.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga, Temeke, Dar es Salaam